Kasoro Inayorudi Kila Toleo: Kuuliza "Kwa Nini" Mara Tano

Mbinu ya "kwa nini" tano ni njia ya kutafuta chanzo cha kasoro. Huulizwa kwa nini kasoro imetokea, kisha jibu lenyewe huulizwa kwa nini, na jibu la jibu hilo vilevile, mpaka lifikiwe jambo ambalo likirekebishwa kasoro haitapata njia ya kurudi. Ilizaliwa viwandani nchini Japani. Asili yake hunasibishwa na Sakichi Toyoda, lakini aliyeifanya ijulikane ni Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu mfumo wa uzalishaji wa kampuni hiyo. Mfano aliotoa Ohno ni wa mashine iliyosimama. Ilisimama kwa sababu ilizidiwa na fyuzi ikakatika; ilizidiwa kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha; mafuta hayakutosha kwa sababu pampu haikuyavuta ipasavyo; pampu haikuvuta kwa sababu mhimili wake ulikuwa umelika; na mhimili ulilika kwa sababu hapakuwa na chujio, hivyo vipande vya chuma vikaingia ndani. Anayeishia kwenye fyuzi atabadilisha fyuzi, na mashine itasimama tena.

Mbinu hii ilipohamia kwenye programu za kompyuta ilikutana na tatizo ambalo mfano wa Ohno hauna. Mashine iliyosimama ni ileile moja, na ikisimama mara ya pili kila mtu anaiona. Kwenye programu, kosa la aina moja linaweza kurudi katika sehemu nyingine ya mfumo, likiwa na dalili nyingine, limeandikwa na mtu mwingine. Kwa mtazamaji kila tukio ni jipya. Linaandikiwa tiketi yake, linatengenezwa, tiketi inafungwa, na toleo linalofuata linatoka na ndugu yake. Hapo kinachopaswa kuchunguzwa si kasoro moja, ni aina nzima ya kasoro, na kuuliza "kwa nini" juu ya aina si sawa na kuuliza juu ya tukio.

Kasoro za saa na tarehe ni mfano mzuri kwa sababu zinarudi hata kwa wakubwa. Novemba 2010, baada ya saa za Ulaya kurudishwa nyuma, simu nyingi za iPhone ziliwaamsha wenyewe saa nzima baada ya wakati waliopanga. Kasoro hiyo ilikuwa haijasahaulika pale tarehe 1 Januari 2011 kengele za simu hizohizo zilipokosa kulia kabisa kwa watu wengi. Dalili mbili, sehemu moja ya simu, miezi miwili.

Afrika Mashariki haibadilishi saa kwa majira ya mwaka, kwa hiyo kwa haraka mtu angedhani imesalimika. Haijasalimika. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa ambayo seva nyingi za kukodi huwekewa tangu mwanzo, na tofauti hiyo ya saa tatu inatosha kuzalisha kasoro kwa miaka. Mfano ufuatao ni wa kutungwa, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi hii.

Chama cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam kinatumia mfumo wa kupokea marejesho ya mikopo kwa simu. Wanachama hulipa saa yoyote, usiku na mchana. Seva inasoma saa ya UTC. Katika toleo 2.3 mhasibu aligundua kuwa jumla ya siku katika ripoti ya mfumo hailingani na taarifa ya kampuni ya simu: malipo yaliyofanywa baada ya saa sita usiku yalihesabiwa kuwa ya jana. Ripoti ilikuwa inapanga malipo kwa siku namna hii:

```sql
SELECT DATE(paid_at) AS siku, SUM(amount)
FROM payments
GROUP BY DATE(paid_at);
```

Mtengenezaji aliongeza saa tatu, `paid_at + interval '3 hours'`, hesabu ikakaa sawa, tiketi ikafungwa. Katika toleo 2.5 akaja mwanachama aliyetozwa faini ya kuchelewa ingawa alilipa tarehe 30 Juni, siku ya mwisho, saa nne na dakika kumi usiku. Mfumo ulidai amelipa tarehe 1 Julai. Nalo likarekebishwa. Toleo 2.8 likaleta taarifa mpya ya mwezi kwa kila mwanachama, na mtu aliyelipa tarehe 1 Novemba saa saba na robo usiku akakuta malipo yake chini ya Oktoba.

Tiketi hizi tatu zinasoma kama mambo matatu: ripoti ya mhasibu, faini, taarifa ya mwezi. Mojawapo inasogeza malipo mbele, mbili zinayarudisha nyuma. Ndiyo maana hatua ya kwanza huja kabla ya "kwa nini" yoyote. Tiketi zilizofungwa katika matoleo kadhaa hutolewa zote na kupangwa upya, safari hii kwa namna kosa lilivyofanyika, na sehemu ya mfumo lilikoonekana huachwa kando. Baada ya hapo hutafutwa alama iliyo katika rekodi zenyewe. Hapa alama ni saa. Rekodi zote zilizoharibika zikiandikwa kwa saa ya Dar es Salaam, zile za toleo 2.3 na 2.8 zinaangukia kati ya saa sita na saa tisa usiku, na zile za toleo 2.5 kati ya saa tatu na saa sita usiku. Hakuna hata moja ya mchana. Kila kundi lina upana wa saa tatu kamili, sawasawa na tofauti kati ya saa ya seva na saa ya mtaani. Bahati mbaya haipangi vitu kwa unadhifu huo. Sasa inaweza kusemwa bila kubahatisha kwamba kasoro ni ya aina moja, na jina lake ni "malipo kuhesabiwa katika siku isiyo yake".

Uchunguzi huanzia kwenye tukio moja lenye ushahidi mwingi, na hapa linafaa lile la faini. Kwa nini mwanachama alitozwa? Kwa sababu mfumo ulihesabu malipo ya tarehe 30 kuwa ya tarehe 1. Rekodi ya malipo na rekodi ya faini zinaonyesha hivyo. Kwa nini ulihesabu hivyo? Kwa sababu sehemu ya faini iliongeza saa tatu juu ya saa ambayo tayari ilikuwa ya Dar es Salaam. Sehemu ya ripoti inazungumza na hifadhidata kwa saa ya UTC, ila sehemu ya faini ilikuwa imepangwa kutumia ukanda wa `Africa/Dar_es_Salaam`, na hilo linaonekana kwenye mipangilio yake. Kwa nini saa tatu ziliongezwa mahali zisipohitajika? Kwa sababu mstari ulinakiliwa kutoka kwenye marekebisho ya toleo 2.3. Amri ya `git log -S"interval '3 hours'"` inaorodhesha kila badiliko lililoingiza au kuondoa maneno hayo, na humo unaonekana mstari uleule ukizaliwa kwenye ripoti kisha ukitokea kwenye faini.

Uchunguzi mwingi hufia kwenye jibu hilo la tatu. Aliyenakili anajulikana, jina lake limeandikwa pembeni ya mstari, na ni rahisi kuhitimisha kuwa hakuwa makini. Dawa ya hitimisho hilo ni onyo, au mafunzo ya siku moja. Lakini jibu la uzembe lina kipimo chake: je, kama mtu huyu angekuwa makini, kasoro za toleo 2.3 na 2.8 zisingetokea? Zingetokea, maana ziliandikwa na watu wengine. Kwenye aina ya kasoro, jibu linaloeleza tukio moja tu halijafika kwenye chanzo, hata likiwa la kweli kabisa. Lazima lieleze na yale mengine mawili.

Basi swali la nne huulizwa hivi: kwa nini kila anayegusa malipo hulazimika kujua mwenyewe kama saa aliyonayo ni ya UTC au ya Dar es Salaam? Kwa sababu hakuna mahali pamoja katika mfumo panapojibu swali la "malipo haya ni ya siku gani". Kila sehemu inapiga hesabu yake. Utafutaji wa kawaida katika msimbo unathibitisha: `DATE(paid_at)` na nduguze zimetapakaa kwenye ripoti, faini, taarifa, ujumbe wa simu, na hata katika ukurasa wa mwenyekiti. Jibu hili tayari linaeleza matukio yote matatu. Na kwa nini hapakuwekwa mahali pamoja? Kwa sababu waraka wa mahitaji ulisema "tarehe ya malipo" kana kwamba inajieleza. Haukusema ni tarehe ya wapi. Wahasibu walijua jibu siku zote: ni siku ya kalenda ya tawi, inayofungwa saa sita usiku kama taarifa ya kampuni ya simu. Hawakuulizwa.

Mnyororo ukikamilika husomwa kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, kwa kuunganisha na "kwa hiyo". Siku ya malipo haikufafanuliwa, kwa hiyo haikujengewa mahali pamoja, kwa hiyo kila sehemu ilipiga hesabu yake, kwa hiyo mstari ulinakiliwa kutoka sehemu moja hadi nyingine ambako haukufaa, kwa hiyo malipo yalisogea siku moja, kwa hiyo faini. Pasipounganika vizuri kuna jibu lililorukwa au lililobuniwa. Kwamba hatua hapa zimefika tano ni sadfa. Ohno mwenyewe alitumia tano katika mfano wake, na namba hiyo ikaganda kuwa kanuni, lakini uchunguzi unaoweza kuishia kwenye la tatu usivutwe hadi la tano kwa heshima ya jina la mbinu. Unaoendelea bila kikomo nao hupotea, kwani swali la sita na la saba kwa kawaida huangukia kwenye "uongozi haujali" au "fedha haitoshi", majibu ambayo hakuna aliyemo chumbani anayeweza kuyafanyia kazi. Pa kusimama ni pale penye jambo ambalo wahusika wanaweza kulibadilisha, na ambalo likibadilishwa aina nzima inafungwa.

Huo ni mnyororo wa kwanza, unaoeleza jinsi kosa lilivyofanyika. Unahitajika wa pili, na huo ndio husahaulika: kwa nini kosa lilipita kwenye majaribio na kuwafikia wanachama? Lilipita kwa sababu hakuna jaribio lililotumia malipo ya usiku; malipo ya majaribio yote yaliandikwa kuwa ya saa sita mchana au saa za kazi. Hata kama yangekuwepo ya usiku, kompyuta mpakato za watengenezaji na seva ya majaribio zote zilikuwa kwenye saa ya Dar es Salaam, na huko `DATE(paid_at)` inatoa jibu sahihi. Kasoro za toleo 2.3 na 2.8 zilikuwa zinaonekana kwenye seva halisi tu. Na kwa nini tofauti hiyo haikujulikana? Kwa sababu aliyekodi seva aliikuta na UTC, akaiacha hivyo, na hapakuwa na mahali mipangilio ya seva mbili hizo inapolinganishwa kabla ya toleo kutoka.

Kwa aina inayorudi kuna mnyororo wa tatu pia, mfupi kuliko yote lakini pengine wenye manufaa makubwa zaidi. Kwa nini tukio la kwanza halikuzuia la pili? Kwa sababu tiketi ya toleo 2.3 ilifungwa mara ripoti ya mhasibu ilipokaa sawa. Kwa nini ilitosha? Kwa sababu masharti ya kufunga tiketi yaliuliza kama lalamiko limeisha, hayakuuliza kosa hilo liko wapi kwingine. Siku ile utafutaji wa dakika chache katika msimbo ungeonyesha sehemu zote zenye hatari ileile. Zaidi ya hapo, marekebisho yenyewe ya saa tatu yaliacha mtego: yalikuwa sahihi mahali pamoja na yalionekana kama kanuni ya kila mahali.

Marekebisho hutokana na minyororo yote mitatu. Kwenye wa kwanza, fasili ya siku ya malipo huandikwa pamoja na wahasibu, kisha hesabu hupewa mahali pamoja:

```sql
CREATE FUNCTION siku_ya_malipo(wakati timestamptz, ukanda text)
RETURNS date LANGUAGE sql STABLE AS $$
  SELECT (wakati AT TIME ZONE ukanda)::date
$$;
```

Ukanda wa saa hutajwa kwa jina lake, hautajwi kwa idadi ya saa. Chama kikifungua tawi Kigali au Bujumbura, au kikipokea wanachama wa Goma, kule saa iko mbili mbele ya UTC na "ongeza tatu" itaanza kuharibu rekodi upya. Kwa `Africa/Kigali` hesabu inabaki sahihi bila mtu kukumbuka lolote. Jibu linalotoka ni bora lihifadhiwe katika safu yake wakati malipo yanapoingia, ili ripoti zote zisome tarehe moja.

Hata hivyo kuwepo kwa njia sahihi hakuifungi njia mbovu. Mgeni atakayejiunga mwakani ataandika `DATE(paid_at)` kwa sababu ndiyo inayomjia mkononi. Kwa hiyo ukaguzi unaojiendesha kabla ya kila toleo huwekewa sharti: maneno hayo yakionekana nje ya faili moja inayoruhusiwa, toleo halijengwi. Sharti hilo linazuia zaidi kuliko semina. Kwenye mnyororo wa pili, majaribio hupewa malipo ya kwenye mipaka, yaani dakika moja kabla na baada ya saa tatu, saa sita na saa tisa usiku, mwisho wa mwezi na mwisho wa mwaka, na mkusanyiko wote wa majaribio huendeshwa mara mbili, hifadhidata ikiwa kwenye UTC na ikiwa kwenye saa ya Dar es Salaam. Matokeo yakitofautiana, kuna mahali ambapo msimbo unategemea saa ya mashine. Kwenye wa tatu, masharti ya kufunga tiketi huongezewa sehemu moja: matokeo ya utafutaji wa kosa hilohilo kwingineko.

Mbinu hii ina mipaka yake, na wakosoaji wamekuwa wakiitaja. Mwaka 2017 Alan Card aliandika katika jarida la BMJ Quality & Safety kuhusu matumizi yake hospitalini, akipinga hasa tabia ya kuifuata njia moja mpaka chanzo kimoja, ilhali matukio mengi yana vyanzo vilivyosukana. Hoja hiyo inasimama pia kwenye programu. Tarehe 29 Februari 2012 huduma ya Azure ya Microsoft ilianguka, na kampuni ilichapisha uchunguzi wake. Programu ndogo ndani ya seva pepe ilikuwa ikitengeneza cheti cha mwaka mmoja kwa kuongeza moja kwenye mwaka, ikapata tarehe 29 Februari 2013, siku isiyokuwepo, na ikafa. Anayefuata njia hiyo peke yake atarekebisha hesabu ya mwaka mrefu na kwenda zake. Lakini madhara yalienea kwa njia nyingine kabisa: mfumo wa juu yake, ulipoona programu hiyo inashindwa mara tatu mfululizo, uliamua kwamba mashine yenyewe imeharibika, ukahamishia mzigo kwenye mashine nyingine, ambako kosa lilelile lilijirudia. "Kwa nini ilikosea?" na "kwa nini ilienea?" ni maswali mawili yenye majibu tofauti, na jibu la pili linalinda dhidi ya kasoro ambazo bado hazijazaliwa.

Mpaka mwingine ni watu waliomo chumbani. Mbinu haiwezi kutoa jibu ambalo hakuna anayelijua. Kikao cha watengenezaji watupu katika mfano wa chama kingeishia kwenye msimbo, kwa kuwa fasili ya siku ilikuwa kichwani mwa mhasibu, na habari ya seva ilikuwa kwa aliyeikodi. Dalili ya kikao kilichokosa watu ni majibu yasiyo na ushahidi: pakisemwa "nadhani" badala ya kuonyeshwa rekodi, mpangilio au mstari, swali hilo liachwe wazi mpaka mwenye ushahidi aitwe.

Kinachobaki baada ya marekebisho ni rekodi za zamani. Malipo ya miezi iliyopita bado yamekaa kwenye siku zisizo zao, na baadhi ya faini zilitozwa kwa kosa. Siku ya kila malipo inaweza kukokotolewa upya kwa njia mpya na kulinganishwa na ile iliyokuwa imetumika. Tofauti zote ziangukie ndani ya vipindi vile viwili vya saa tatu vinavyojulikana. Tofauti ikijitokeza saa nne asubuhi, aina hii ya kasoro ina tawi ambalo uchunguzi haukuliona, na kazi inarudi kwenye swali la pili. Zikilingana, uamuzi wa kurudisha faini na kusahihisha hesabu zilizokwishafungwa ni wa wahasibu na bodi ya chama, kwani ripoti za mwezi zimekwisha kusainiwa. Tiketi ya aina nzima, tofauti na zile tatu za matukio, huachwa wazi kwa matoleo mawili au matatu, ikivuka angalau mwisho wa mwezi mmoja na usiku wa tarehe 31 Desemba.